Maoni kuhusu Sura ya Tatu: Ukarabati wa nyumba za mawe, Lamu

Mwanangu, salaam. Nimeisoma sura yako mara mbili. Kwanza muundo, usiguse sentensi hata moja kabla ya hapo, maana kurasa nyingine zitaondoka.

Hoja yako imejificha ukurasa wa 19: kwamba saruji huzuia ukuta wa matumbawe kupumua, unyevu ukabaki ndani na boriti zikaoza. Hiyo ndiyo sura! Ilete ukurasa wa kwanza. Kurasa 11 za historia ya mji, hadi kuorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, ni za Sura ya Pili. Hapa bakiza aya moja.

La pili, ambalo ni zito zaidi: umewanukuu mafundi watano mfululizo bila kusema neno lako. Yule wa Mkomani anasifu chokaa, wa Langoni anatetea saruji kwa sababu ya gharama. Wanapingana, nawe umepita kimya. Simama hapo, uwapambanishe. Sehemu ya zidaka na daka ni nzuri sana, lakini haijibu swali la utafiti. Ihamishie Sura ya Nne.

Sentensi baadaye. Upatanisho: “boriti hizo yanaoza” iwe “zinaoza”. Tahajia: “walioojiwa” ni “waliohojiwa”. “Hivyo basi” imeanza aya saba, futa tano. Mengine nimeyapigia mstari kwa penseli.

Niletee kwanza muhtasari mpya wa ukurasa mmoja, Jumatatu.