Ratiba yetu ya siku, mtoto akiwa wa wiki tano

Baba mtoto na auntie, hii ndio ratiba tutafuata hapa nyumbani, sijaweka masaa mengi juu mtoto mwenyewe hajui saa. Siku inaanza akinyonya mara ya kwanza alfajiri, iwe saa kumi na moja ama saa moja, na mengine yote yanafuata hapo. Mtoto wa umri huu hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku, kwa hivyo mkinikuta nimekaa naye na sufuria bado ni chafu, ndio niko kazini.

Akimaliza, baba mtoto anambeba begani mpaka abeue, anambadilisha nepi, mimi naoga na kunywa uji wa wimbi. Auntie tafadhali uji usikose kwa chupa ya chai, na kikombe kiwe karibu na kiti changu kila saa, kiu hunishika tu akianza kuvuta. Nguo zake zianikwe asubuhi, hii Kisumu jua linakausha haraka lakini jioni mvua ya ziwani inaweza kumwagika ghafla.

Usingizi wake wa kwanza baada ya hapo ni wangu pia. Akilala nalala, hata nyumba ikae aje. Ule unaofuata ndio wa kazi, na ni kazi moja tu, kama kupika omena ama kukunja nguo, akiamka katikati nazima gesi naenda na auntie anamalizia. Osuga ichemshwe jana yake ilazwe na maziwa, ndio mchana tusonge ugali tu.

Wageni wakuje alasiri, wanawe mikono kwanza.

Jioni ndio ngumu, analia na anataka titi kila saa, anaachilia anarudi, na hiyo haimaanishi maziwa yameisha. Hakuna maji, hakuna glukosi, mpaka miezi 6 ni titi pekee. Mama akikuja kutoka Bondo aseme mtoto ana kiu, baba mtoto ongea naye wewe, kwa heshima, juu mimi saa hizo nitakuwa nimechoka na naweza kulia. Chakula cha jioni ni chako pia, hata kama ni chai na mayai.

Usiku analala chali, bila mto, ndani ya neti iliyochomekwa vizuri. Kabla ya saa sita nepi ni za baba mtoto, baadaye ni zangu, auntie asiamshwe. Nepi zilizolowa zikipungua chini ya 6 kwa siku nzima, ama mwili ukiwa moto, tunaenda hospitali saa hiyo hiyo, hatungoji kupambazuke.

Jumatano ijayo ni chanjo ya wiki 6, auntie tunaenda wote na kile kijitabu cha kliniki. Siku hiyo hakuna kupika wala kufua, tutanunua chapati na ndengu pale kwa kibanda tukirudi.