Zoezi la Msamiati, Darasa la Saba: Visawe, Vinyume na Maana kwa Muktadha

Muda: dakika 30. Alama: 15, kila swali alama 1. Jibu maswali yote. Katika sehemu A na C andika jibu moja tu. Ukiandika mawili hupati alama hata kama moja ni sahihi.

SEHEMU A: Soma kifungu, kisha chagua jibu sahihi.

Alfajiri Makame alikwea mnazi ulio kando ya kisima akaangua nazi kumi na mbili: saba kavu, tano madafu. Dada yake, Mwanaidi, alizifua zile kavu kwa kifuo, makumbi akayaweka pembeni. Bibi yao, ajuza mwenye siha njema, alikalia mbuzi akaanza kukuna haraka, maana wote walichelea mvua. Mihogo ilichemshwa kwa tui jepesi. Tui zito likatiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Mjukuu mdogo naye alishika moja ya nazi kavu ajaribu kuifua. Hakufua dafu.

1. "Mbuzi" katika kifungu ni
A. mnyama wa kufugwa  B. kifaa cha kukunia nazi  C. mkeka wa ukindu  D. chungu cha kupikia

2. Kisawe cha "walichelea" ni
A. walichelewa  B. walisubiri  C. waliogopa  D. walifurahia

3. Kisawe cha "siha" ni
A. afya  B. sura  C. sifa  D. tabia

4. Mwanamume mwenye umri kama wa ajuza huitwa
A. barobaro  B. ghulamu  C. mkwasi  D. shaibu

5. Sentensi ipi ina "fua" lenye maana sawa na "alizifua"?
A. Mhunzi alifua jembe.
B. Wapishi walifua nazi za karamu.
C. Wanafunzi walifua sare zao.
D. Timu yetu haikufua dafu.

6. "Hakufua dafu" maana yake
A. hakupenda madafu  B. hakuruhusiwa  C. hakufanikiwa  D. hakuondoa makumbi ya dafu

SEHEMU B: Katika swali la 7 hadi la 10, andika sentensi upya ukitumia kinyume cha kitenzi; katika la 10, kinyume cha "bahili". Usibadilishe kitu kingine.

7. Mama aliinjika sufuria ya maharage.

8. Wavuvi walianika dagaa.

9. Fundi aliezeka nyumba ya makuti.

10. Jirani yetu ni bahili.

11. Jozi ipi si ya vinyume?
A. tega – tegua  B. ziba – zibua  C. kunja – kunjua  D. kama – kamua

SEHEMU C: Chagua neno linalofaa kati ya yaliyo kwenye mabano.

12. Mihogo imekomaa, kesho (tutaichuma, tutaing'oa, tutaiangua).

13. Ndani ya mzinga mlikuwa na (bumba, tita, shada) la nyuki.

14. Kila tarehe 26 Aprili Tanzania (huidhinisha, huhitimisha, huadhimisha) Muungano wa mwaka 1964.

15. Benki haikumpa mkopo kwa sababu hakuwa na mtu wa (kumthamini, kumdhamini, kumdhani).

MWONGOZO WA KUSAHIHISHA (kwa mwalimu)

1 B, 2 C, 3 A, 4 D, 5 B, 6 C, 11 D, 12 tutaing'oa, 13 bumba, 14 huadhimisha, 15 kumdhamini.

Swali la 2 huwaponza wengi kwa sababu "chelea" na "chelewa" yanafanana kwa sauti. Mwambie mwanafunzi aweke kila jibu ndani ya sentensi: "wote walichelewa mvua" haisomeki. Swali la 6 nalo, anayechagua D amesoma neno moja moja. Mrudishe kwenye kifungu: mtoto alishika nazi kavu, si dafu.

Sehemu B ndiyo yenye makosa mengi. 7: aliipua. 8: walianua. 9: aliezua. 10: mkarimu. Wanafunzi wameshazoea kwamba kiambishi -ua hugeuza kitenzi, kama kunja na kunjua, kwa hiyo hubuni "aliinjua" na "walianikua". Yote mawili ni sifuri. "Aliezuka" pia ni sifuri: paa ndilo huezuka, fundi huezua. "Si bahili" ni ukanushi tu, si kinyume; usitoe alama. "Mpaji" lakini likubalike.

Swali la 11 limewekwa kusudi kuwanasa wanaotazama umbo pekee. Kukama ng'ombe na kukamua chungwa vyote ni kuminya ili majimaji yatoke. -Ua hapo haikugeuza chochote.

12: tunda huchumwa, nazi huanguliwa, mhogo hung'olewa. 13: tita ni la kuni, shada ni la maua. Katika swali la 15 msome majibu kwa sauti, dh na th zisikike, kwani baadhi huandika wanavyotamka. Aliyeandika "kumzamini" amejua neno ila amekosea tahajia, mpe nusu alama.

Aliyepata chini ya 3 katika sehemu B arudie swali la 7 hadi la 9 kwa vitendo: sufuria, nguo kambani, na kipande cha kuti.