Kifungu cha 9: Umiliki wa Bidhaa Hadi Malipo Yakamilike
Bidhaa, yaani mabati na nondo zinazopelekwa ghala la Mnunuzi, Barabara ya Kibos, Kisumu, zitabaki mali ya Muuzaji hadi ankara zote zilipwe, ingawa hatari ya wizi au uharibifu itamhamia Mnunuzi zikishashushwa. Mnunuzi ataziweka kando bila kubandua lebo zenye nambari za bando, na anaridhia Muuzaji asajili notisi chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya 2017 kabla ya shehena ya kwanza.

Mnunuzi akishindwa kulipa madeni yake, au akiwekewa msimamizi au mfilisi, ruhusa yake ya kuziuza itakoma papo hapo, na Muuzaji ataweza kuzichukua, ila pale Sheria ya Ufilisi ya 2015 inapotaka kwanza idhini ya msimamizi au ya mahakama.