Pole kwa msiba wa Mama

Mpendwa Mwanaidi,

Pole sana, mdogo wangu. Baraka alinipa taarifa Jumamosi asubuhi. Nilipokupigia, alipokea kaka yako akaniambia mnajiandaa kwenda makaburini, nikaona nisikusumbue. Nakuandikia ili usome utakapotulia, na wala usihangaike kujibu.

Mama nilionana naye mara moja tu, siku ile alipotoka kliniki Muhimbili akaja kukusubiri pale mapokezi, kikapu chake cha ukili kiko mapajani. Nikamwamkia, akanikalisha pembeni yake kama vile mimi ndiye mgeni, akafungua visheti vilivyofungwa kwenye gazeti. Akaniuliza, "Huyu mwanangu mchana anakula, au anashinda na makaratasi tu?" Nikamwambia anakula. Nadhani hakuniamini, maana tangu hapo kila Ramadhani ikiisha visheti vyake vilitufikia na basi la Tanga, na sisi tusiofunga tulitengewa fungu letu.

Nilikuona pia ulivyomuuguza. Ijumaa jioni unapanda basi, Jumapili usiku unarudi, Jumatatu saa 2 uko mezani kwako. Nilipaswa kukwambia mapema kwamba nalithamini sana hilo. Umemtunza mama yako mpaka siku yake ya mwisho.

Kuhusu kazi, tafadhali usiwe na wasiwasi. Siku 4 za likizo ya msiba yenye malipo ni haki yako kisheria. Nimezungumza na Rasilimali Watu, tumekuongezea 6, na hazitakatwa kwenye likizo yako ya mwaka. Ukiona bado hazitoshi, nitumie ujumbe mfupi tu. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani ya tarehe 20 anaiandaa Baraka, nami nitaipitia mwenyewe kabla haijawasilishwa. Malipo ya wazabuni yako kwa Neema. Nimewaambia wote wawili kwamba swali lolote waniletee mimi, kwa hiyo simu ya ofisini isikupigie. Ikikupigia, usipokee.

Rambirambi ya idara tumeshaichanga. Neema na Mzee Kombo wataileta Pangani Alhamisi kwa niaba yetu, wafike kuhani na kukaa nanyi kidogo. Hawatalala, msihangaike kuwaandalia chochote. Mimi nilitamani sana kuwa nao, lakini wakaguzi wako hapa hadi Ijumaa. Arobaini ikipangwa nijulishe tarehe, nitakuja.

Nifikishie pole kwa Baba, kwa kaka yako na kwa shangazi zako wote. Ukirudi, tutaanza taratibu. Hakuna atakayetarajia uwe kama zamani wiki ya kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mama, ailaze roho yake mahali pema, na awape nyote subira.

Wako katika majonzi,

Joyce
Meneja wa Fedha