Mpango wa kumrudisha Zuhura darasani

Mama Zuhura, habari za nyumbani?

Nimesoma majibu ya zahanati: malaria hana, mkojo na choo havina tatizo. Hata hivyo tusimwambie anadeka. Tumbo linamkata kweli, kichwa kinamgonga kweli. Hofu huvuruga tumbo na kukaza misuli ya shingo, ndiyo maana maumivu yanaanza Jumapili jioni, yanazidi akivaa sare, na Jumamosi hayapo. Akibaki nyumbani hupata nafuu, lakini kesho yake lango la shule linamtisha zaidi.

Ameniambia mwenyewe anachoogopa: kusoma kwa sauti, tangu wenzake walipomcheka, na fimbo ya wachelewaji. Waliomcheka nimekaa nao. Mwalimu wa Kiswahili hatamsimamisha asome kwa sasa, na walimu wa zamu wameelezwa asiguswe. Bila hayo nisingethubutu kukuomba umlete.

Jumatatu na Jumanne aje saa nne, wakati wa uji, akae nami ofisini hadi saa sita akifanya kazi za darasa. Jumatano hadi Ijumaa aingie kipindi cha hisabati, anachokipenda, akae karibu na mlango pamoja na rafiki yake. Wiki ya pili aanze saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita. Wiki ya tatu siku nzima. Kusoma tutakuja nako polepole: kwanza sentensi moja mbele yangu, kisha mbele ya rafiki yake, mwisho darasani. Hatua ikimshinda tunairudia ileile, hatumrudishi nyumbani.

Naomba aletwe na shangazi yake, kwa kuwa wewe na Zuhura mkiagana mnalia wote. Amfikishe langoni, amkabidhi kwangu, aondoke.

Asubuhi usimuulize kama tumbo linauma. Akisema linauma, mjibu: "Pole mwanangu, najua linauma, na utakwenda nalo." Akizidiwa shuleni atakuja kwangu dakika kumi, anywe maji, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kisha arudi darasani. Panadol ya kila siku tuiache. Dawa za maumivu zikizoeleka nazo huleta maumivu ya kichwa.

Siku atakayobaki nyumbani, hakuna televisheni wala simu hadi saa za shule ziishe. Ni madaftari na kupumzika tu. Akienda, hata kwa saa moja, baba yake amsifie jioni hiyo mezani. Hilo nalisisitiza, maana kwa miezi hii amesikia lawama nyingi mno.

Homa, kutapika, damu kwenye choo, kupungua uzito, shingo kukakamaa, au maumivu yanayomwamsha usiku: hapo mpango usimame, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ijumaa saa nane mchana nawasubiri wewe na baba yake ofisini. Zuhura naye awepo, aseme hatua ipi ilikuwa ngumu.

Mwalimu wa malezi, Darasa la Nne