Mtihani wa cheti cha huduma ya kwanza: damu, kuungua, kupaliwa (nakala ya mtahini, majibu na maksi humu humu)

Watahini wenzangu, hii ndo karatasi ya kundi la Jumamosi. Maandishi maksi 20 kwa dakika 25, vitendo maksi 50. Kupita ni 14 kwenye maandishi na 35 kwenye vitendo, na asiwe na kosa la kumwangusha hata moja, mtu akipata 48 halafu akafanya kosa la kumwangusha basi hajapita, anarudia. Majibu mabaya nimeyatoa kwenye vitu ambavyo watu wanafanya kweli, kwa hiyo msishangae mtu mzima anaandika dawa ya meno.

SEHEMU A: MAANDISHI

1. Mtu amechomwa na kipande cha chuma pajani, bado kimesimama pale, damu inatoka pembeni. Unafanya nini? (maksi 2)
a) Unakivuta haraka halafu unakandamiza
b) Unakiacha, unakandamiza pembeni mwake na kukizuia kisicheze
c) Unakisukuma kidogo ili kizibe
d) Unamwaga maji kwanza
Jibu: b. Kile chuma pengine ndo kinachoziba mshipa.

2. Damu ya pua: mkalishe vipi, mbane wapi, kwa muda gani? (3)
Jibu: kukaa akiinamia mbele, kubana sehemu laini ya pua, dakika 10 hadi 15 bila kuachia achia. Akiandika kuinua kichwa nyuma anakosa maksi ya mkao, damu inashuka kooni na tumboni, mtu anaanza kutapika.

3. Unga wa kemikali kavu umemwagikia mtu mkononi. Hatua ya kwanza? (2)
Jibu: kuupangusa ukiwa bado mkavu, mwenyewe ukiwa na glavu, ndo maji mengi yafuate. Akisema maji tu mpe 1.

4. Kweli au si kweli, na sababu. Sababu ndo yenye maksi, kubahatisha hakulipi. (4)
Barafu moja kwa moja kwenye kidonda cha moto ni nzuri. Si kweli, inaongeza madhara kwenye ngozi.
Malengelenge yapasuliwe ili maji yatoke. Si kweli, ile ngozi inazuia vijidudu.
Aliyepigwa na umeme, kata umeme kwanza ndo umguse. Kweli, la sivyo majeruhi wanakuwa wawili.
Nguo iliyogandia kwenye kidonda ing'olewe. Si kweli, inatoka na ngozi, kata pembeni yake.

5. Mtu mzima amepaliwa, anakohoa kwa nguvu na anaweza kuongea. (2)
a) Mpige mgongoni mara 5
b) Mpe maji
c) Mhimize aendelee kukohoa, usimwache peke yake
d) Mwingize kidole kooni
Jibu: c.

6. Taja dalili 3 kwamba njia ya hewa imeziba kabisa. (3)
Hawezi kuongea, kikohozi hakina sauti, anashika shingo, midomo inabadilika rangi, hewa haipiti. Zozote 3.

7. Mtoto wa miezi 8 amepaliwa, halii, hakohoi. Eleza. (4)
Jibu: kumlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko kifua na umekishikilia (1), mapigo 5 katikati ya mabega (1), kumgeuza na kusukuma kifua mara 5 kwa vidole viwili (1), kusema wazi kwamba tumbo halisukumwi kwa mtoto chini ya mwaka 1 (1).

SEHEMU B: VITENDO

Mtahini anasoma tukio mara moja, anarudia akiombwa, halafu ananyamaza. Usimsaidie kwa macho wala kutikisa kichwa, mi najua inavouma kumwangalia mtu anahangaika lakini acha. Maksi inatolewa kwa kinachoonekana mikono ikifanya, siyo kwa maelezo, isipokuwa pale nilipoandika "aseme".

TUKIO LA 1: DAMU (maksi 20, dakika 6)
Soma: "Fundi amekatwa na kioo ndani ya mkono, chini ya kiwiko. Damu inaruka. Amesimama, anaogopa."

Kuangalia vioo chini na kuvaa glavu, 3. Kukandamiza kidonda moja kwa moja kwa nguvu, 5. Aliyetafuta bandeji nzuri kwenye boksi huku damu ikiendelea asipewe zaidi ya 2, angetumia hata kitambaa au kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kumtuma mtu mmoja kwa kumwonyesha akaite msaada, 2, akipiga tu kelele jamani pigeni simu mpe 1. Kumlaza na kumfunika, 2.

Baada ya dakika 1 mtahini aseme: "Damu imepenya." Anatakiwa aongeze mkandamizo na kitambaa kingine juu, 3. Kisha sema: "Bado inaruka." Hapo ndo toniketi, 5: juu ya kidonda kama sentimita 5 hadi 7 (1), siyo kwenye kiungo, kwa hiyo kama hakuna nafasi apandishe juu ya kiwiko (1), kukaza mpaka damu isimame (1), kuandika saa (1), aseme hailegezwi mpaka hospitali (1). Kwenye mwigizaji haikazwi hadi mwisho, kukaza kwenyewe afanyie kwenye mkono wa mdoli.
Kumwangusha: kulegeza toniketi, au kuiacha damu inaruka bila kukandamiza kabisa.

TUKIO LA 2: KUUNGUA (maksi 12, dakika 5)
Soma: "Mpishi amemwagikiwa mafuta ya moto kiganjani na kifundoni. Ana pete na saa."
Msaidizi mmoja aje mbio na dawa ya meno, na asisitize.

Kumtoa kwenye joto, 1. Maji baridi yanayotiririka na aseme dakika 20, 4; akisema 10 mpe 2, wapo waliofundishwa hivo zamani. Kuvua pete na saa mapema kabla hapajavimba, 2. Kutoa nguo isiyogandia, 1. Kumkatalia msaidizi bila ugomvi huku akiendelea na maji, 2. Kufunika kwa nailoni safi ya chakula bila kuzungusha kwa kubana, 1. Aseme kwanini hospitali, yaani kidonda kiko mkononi, 1.
Kumwangusha: kupaka chochote.

TUKIO LA 3: KUPALIWA (maksi 18, dakika 6)
Soma: "Mtu mzima anakula, ghafla ameshika shingo, hatoi sauti."
ONYO: kwa mwigizaji tumbo linaonyeshwa tu, halisukumwi kweli. Asiyetii simamisha papo hapo.

Kumuuliza umepaliwa?, 2. Kuita mtu, 1. Kumwinamisha na mapigo 5 kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, akiangalia kila pigo kama kimetoka, 4. Ngumi kati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua, kuvuta ndani na juu mara 5, 4. Mtahini: "Ameanguka, haitikii." Hamia kwa mdoli: kumlaza, kuhakikisha simu imepigwa, kusukuma kifua 30 kwa pumzi 2, kina sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, 5. Kutazama mdomoni na kutoa kinachoonekana tu, 1. Aseme aliyesukumwa tumbo lazima aonwe na daktari hata akipona, 1.
Kumwangusha: kuchokoa kooni kwa kidole bila kuona kitu, au kumwacha aliyeanguka bila kusukuma kifua.

Swali la mdomo, halina maksi ila andika jibu kwenye fomu: angekuwa mjamzito? Anasukuma kifua badala ya tumbo.

Mkitofautiana maksi zaidi ya 3 kwenye tukio moja msigawanye kati kati, kaeni mrudie hatua moja moja nani aliona nini, ndo msaini.