Jina Lililotoka Redioni: Kabila, Utaifa na Vita vya Bonde la Ufa

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilinikuta kwa bibi yangu, upande wa Iten. Karani alikuwa kijana wa kijiji hichohicho. Aliketi kwenye kigoda, tableti magotini, akafika kwenye swali la kabila. "Gogo, kabila?" Bibi, ambaye alikuwa amevuka miaka tisini, alimtajia ukoo wake kwanza, kisha akasema yeye ni Mkeiyo. Kijana akagusa kioo. "Sawa. Mkalenjin, Keiyo." Bibi akacheka. "Andika unavyotaka. Mimi nilipoolewa hilo jina halikuwapo. Lilikuja na redio."

Hakuwa anatania. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtangazaji mmoja aitwaye John Chemallan alikuwa akisoma matangazo kwa lugha ya kwao kutoka Nairobi, na kila akifungua aliwaita wasikilizaji kwa neno *kalenjok*, yaani nawaambieni. Miaka hiyohiyo vijana 14 waliokuwa wakisoma Alliance, shule iliyozungukwa na Wakikuyu, walijikuta ni wachache. Huyu Mnandi, yule Mkipsigis, mwingine Mtugen, lakini wakizungumza wanaelewana. Wakaunda klabu yao, wakaipa jina Kalenjin: nakuambia. Mwaka 1948 kukawa na Kalenjin Union mjini Eldoret, na katika miaka ya 1950 kukawa na gazeti la kila mwezi lenye jina hilo. Kabla ya hapo Wazungu waliandika "watu wanaosema Kinandi", na wenyewe walijiita Nandi, Kipsigis, Keiyo, Tugen, Marakwet, Pokot, Terik, Sabaot, kila mmoja kwao.

Naanza hapa kwa sababu maelezo mengi kuhusu vita vya Bonde la Ufa huanzia mwisho. Utasoma kwamba "Wakalenjin na Wakikuyu" wana uhasama wa jadi, halafu uchaguzi, halafu moto. Maelezo hayo yanalichukua kabila kama kitu cha damu, kilichokuwepo kabla ya historia na ambacho historia hukikuta tu. Hoja yangu ni kinyume chake: kabila limejengwa, tena katika muda ambao mtu mmoja anaweza kuukumbuka. Na mara nyingi vita ndivyo vilivyolikaza kabila, si kabila lililoleta vita.

Kuna jambo moja la kusafisha mapema, maana linaharibu mijadala mingi. Kusema kitu kimejengwa si kusema ni cha uongo. Nyumba nayo imejengwa, lakini piga kichwa ukutani uone kama hutaumia. Wale vijana wa Alliance hawakujenga hewani. Lugha zao zilikuwa ndugu. Marika ya tohara yalikuwa yakifuatana kwa majina yaleyale kutoka milima hadi milima: Maina, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi. Koo zilivuka mipaka: Talai wako Nandi na wako Kipsigis. Mbao zilikuwepo. Lakini mbao peke yake si nyumba, na mbao hizohizo zingeweza kujenga nyumba nyingine. Masimulizi ya Wanandi wenyewe yanasema ukoo wa Talai, uliomtoa Koitalel arap Samoei aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, ulitoka kwa Wamaasai. Yaani shujaa mkubwa wa kabila ana asili nje ya kabila. Anayeamini kabila ni damu na aniambie hapo damu inasomwaje.

Na tukitaka uhasama wa jadi hasa, upo, ila si ule unaotajwa. Katika karne ya 19 adui wa Wanandi kwenye uwanda ule alikuwa Mmaasai wa Uasin Gishu, ambaye jina lake bado limebandikwa kwenye kaunti nzima. Miaka mia baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasiasa wa Bonde la Ufa walisimama majukwaani wakatangaza KAMATUSA: Kalenjin, Maasai, Turkana, Samburu, ndugu moja. Adui wa jadi akawa ndugu. Mkikuyu, ambaye babu zetu hawakuwa na mpaka naye wa kugombania na aliyefika huku zaidi kama skwota kwenye mashamba ya walowezi, akawa adui wa jadi. Jadi ya lini?

Jibu liko kwenye ardhi na kwenye sanduku la kura. Waingereza waliichukua nyanda ya juu wakawapa walowezi, wakawafungia Waafrika kwenye rizavu zilizopewa majina ya makabila. Hapo ndipo kabila lilipoanza kuwa na uzio. Uhuru ulipokaribia swali likawa: mzungu akiondoka, shamba ni la nani? Mwaka 1960 vikaundwa vyama viwili, KANU na KADU, na KADU, ambamo Kalenjin Political Alliance iliingia, ikadai majimbo ili ardhi ya Bonde ibaki mikononi mwa watu wa Bonde. Ili kudai hivyo ilibidi kuwe na "watu wa Bonde". Wanandi peke yao wasingetosha, Watugen peke yao wasingesikika. Jina la klabu ya wanafunzi likapata kazi mpya.

Hata hivyo umoja huo haukuwa umekauka saruji. KADU ilijivunja mwaka 1964, Daniel arap Moi, Mtugen wa KADU, akaingia serikalini, na makampuni ya kununua ardhi yakaleta wakulima wengi wa Kikuyu kwenye mashamba ya zamani ya walowezi. Mwaka 1969 mbunge Mnandi, Jean-Marie Seroney, alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai ardhi ya Nandi. Tazama neno: Nandi, si Kalenjin. Kwake Moi alikuwa sehemu ya tatizo. Kama kabila lingekuwa kitu cha damu, Seroney na Moi wangekuwa upande mmoja bila kuulizwa. Hawakuwa.

Kilichokausha saruji ni mapigano. Oktoba 1991, Wakenya wakidai vyama vingi, machafuko yalianza shamba la Meteitei, Tinderet, kisha yakasambaa. Wakulima wasio Wakalenjin walifukuzwa, nyumba zikachomwa, na neno "madoadoa" likaingia kwenye hotuba za kampeni likimaanisha watu. Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja kuuonyesha mkono wa wanasiasa na maafisa wa utawala. Chuki ya kale haisubiri mswada wa kuruhusu vyama. Lakini ukishachomewa nyumba kwa jina la kabila, au ukiwa umeogopa kulipiziwa kwa jina hilo, jina si la klabu tena. Mama aliyelala na watoto kwenye mahindi hana haja ya kuambiwa kwamba utambulisho wake una historia fupi.

Ndivyo tulivyofika Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, kanisa lilipochomwa likiwa na wanawake na watoto wa Kikuyu waliokimbilia humo. Katika wiki zile za ghasia za baada ya uchaguzi nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Miaka mitano hivi baadaye Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, wakati huo wote wakikabiliwa na kesi za ghasia hizo kule The Hague, walisimama jukwaa moja na kushinda uchaguzi wa 2013. Mwaka 2022 Mlima Kenya, kwao Wakikuyu, ukampigia Ruto kura kwa wingi. Wasemao "uhasama wa jadi" wanapaswa kutueleza jadi hiyo ilikwenda likizo wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao waandishi wa nje huuruka, ni Mlima Elgon. Kati ya 2006 na 2008 kundi la Sabaot Land Defence Force liliua, likakata watu masikio, likawakimbiza maelfu, mpaka jeshi likaingia Machi 2008, nalo likaacha malalamiko yake ya mateso. Nani alipigana na nani? Wasabaot na Wasabaot. Wa Soy, watu wa chini, na wa Mosop, watu wa juu, wakigombania mgao wa viwanja katika mradi wa makazi wa Chepyuk. Kabila moja, lugha moja, jando moja. Palipokosekana kabila la kugawanya, mlima wenyewe uligawanya: wa juu na wa chini. Mgogoro wa ardhi ulihitaji "sisi" na "wao", ukavipata.

Rwanda hunukuliwa sana katika mada hii, mara nyingi kwa haraka kupita kiasi. Si kweli kwamba Wabelgiji walibuni Mhutu na Mtutsi. Maneno yalikuwepo, na chini ya Mwami Rwabugiri, mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya lazima iitwayo *uburetwa* ilikuwa imekwisha kuwaelemea Wahutu. Lakini wote walisema Kinyarwanda, koo zilezile zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa, na palikuwa na neno *kwihutura*, kuvua Uhutu, kwa aliyepata ng'ombe na kupanda daraja. Sensa ya miaka ya 1933 na 1934 na vitambulisho vilivyofuata viliufunga mlango huo. Ulichoandikiwa wewe, mtoto wako alirithi. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi ileile ilikabidhiwa kwa kijana mwenye panga. Hakumchunguza mtu damu. Alisoma mstari mmoja.

Hapa utaifa na ukabila vinafanana kuliko wazalendo wanavyopenda kukiri. Vyombo ni vilevile: ramani, shule, redio, fomu. Tanzania ilivitumia kujenga Mtanzania, na baada ya sensa ya 1967 ikaacha kuuliza kabila. Kenya inaendelea kuuliza, na wakati mwingine hulitoa kabila kwa tangazo. Mwaka 2017 Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43, Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44, na mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani. Wamakonde walitembea kwa miguu hadi Ikulu ya Nairobi wakidai hilo, na siwalaumu hata kidogo: bila kutambuliwa hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna leseni, akaunti wala kura. Ila sijui ni ushahidi gani mwingine mtu anautaka kwamba kabila linaweza kuwa na tarehe ya kuzaliwa na mhuri wa serikali.

Mwalimu wangu aliyesoma rasimu ya insha hii aliuliza: basi kama limejengwa, si libomolewe? Sidhani, na sidhani hilo ndilo swali. Muungano wa 2013 haukubomoa chochote; ulikuwa mkataba kati ya nyumba mbili, na kila upande ulibaki na kuta zake. Swali linalofaa kuulizwa kila mara moto unapoanza ni dogo zaidi: safari hii nani analiita jina hilo, shamba lipi linagombaniwa, na fomu ipi itajazwa baadaye?

Matokeo ya sensa yalipotoka, Wakalenjin walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 6.3. Bibi yangu yumo humo. Nilipomsomea tarakimu hiyo aliuliza Wakeiyo ni wangapi.